Ndizi mbivu, ndizi mbichi na matoke: ipi hulainisha choo, ipi hukikaza

Jumapili moja dada yangu alinunua chane mbili za ndizi sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Moja ilikuwa ya Kampala, imeshageuka manjano. Nyingine ilikuwa ya ndizi za kupika, kijani kibichi, zilizoshushwa kwenye lori la Kisii asubuhi ile. Kufikia Jumatano chane zote mbili zilikuwa zinalisha wagonjwa wawili katika nyumba moja, na kila mmoja alikuwa anapewa ile ambayo ingemfaa mwenzake. Mtoto wa miezi 14 alikuwa anaendesha kwa siku ya pili, akilishwa ndizi mbivu zilizopondwa na kunyweshwa juisi ya pakiti. Mama mkwe wa dada yangu, kukhu wa watoto, aliyekuja kutoka Vihiga, alikuwa na siku nne bila choo. Yeye aliletewa matoke makavu na chai ya rangi asubuhi na jioni, kwa sababu matoke ni laini na hayamsumbui meno.

Nafanya kazi ya lishe katika kliniki ya mama na mtoto, na mkanganyiko huu nakutana nao mara kwa mara. Mmoja husema ndizi inafunga tumbo, mwingine husema inafungua, na wote wawili husema waliyoyaona. Wanazungumzia ndizi zilizo katika hatua tofauti. Nitaeleza tulivyofanya katika nyumba ile, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Tazama choo kabla ya kugusa ndizi

Neno "tumbo linasumbua" halitoshi. Hospitalini hutumiwa chati ya Bristol, iliyotolewa Uingereza mwaka 1997, yenye picha saba. Aina ya 1 ni vidonge vigumu vilivyoachana, kama vya mbuzi. Aina ya 2 ni gogo lenye mafundo. Ya 3 na ya 4 ndizo nzuri: choo kirefu, ya 3 ina nyufa juu, ya 4 ni laini na hutoka bila kusukuma. Ya 5 ni vipande laini, ya 6 ni uji, ya 7 ni maji matupu.

Nilimuuliza kukhu faraghani, maana mbele ya mkwe wake asingesema. "Mwanangu," akaniambia, "kile kidogo kilichotoka Jumamosi kilikuwa kama cha mbuzi, nikatoka jasho kama niliyekuwa nalima." Hiyo ni aina ya 1. Mtoto alikuwa ameenda mara sita tangu alfajiri, aina ya 7, bila damu. Kuhara huhesabiwa mtu akipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja. Kufunga choo si lazima kuwe kwa siku nyingi. Mtu anayeenda kila siku lakini kwa kusukuma na kuumia, akitoa aina ya 1 au 2, naye amefunga.

Jambo moja kuhusu watoto wachanga: anayenyonya maziwa ya mama pekee huwa na choo laini, cha manjano, hata mara nyingi kwa siku, na huko si kuhara. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi ndizi yoyote, mbivu wala mbichi. Ukiona choo chake kimebadilika ghafla kikawa cha maji, mpeleke kliniki huku ukiendelea kumnyonyesha.

Hatua ya 2: Jua ndizi imefika wapi kwa ndani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa wanasoma ganda peke yake.

Ukiikausha nyama ya ndizi mbichi, karibu robo tatu yake ni wanga, na sehemu kubwa ya wanga huo ni mgumu kumeng'enywa. Huupita utumbo mwembamba ukiwa mzima, kisha ukafika kwenye utumbo mpana ambako bakteria huula na kutoa asidi laini. Kuta za utumbo hufyonza asidi hizo, na pamoja nazo hufyonza chumvi na maji. Ndiyo maana choo cha maji hupata uzito. Ndizi mbichi pia ina tanini, ile inayokaukia ulimini ukiionja. Ndizi inapoiva, wanga hugeuka sukari hadi ukabaki kidogo sana, tanini haikamati tena ulimi, na nyama hulainika. Kwa hiyo ndizi ileile, ikikaa siku tano jikoni, si chakula kilekile tena kwa tumbo.

Nilitaka dada yangu aone kwa macho yake. Nilituma kijana duka la dawa akaniletea chupa ndogo ya iodini ya vidonda. Nikakata kipande cha ndizi ya kupika, kipande cha Kampala ya manjano yenye ncha za kijani, na kipande cha Kampala iliyokuwa imesahaulika juu ya kabati, yenye madoadoa ya kahawia. Nikadondoshea kila kimoja tone moja la iodini iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Yeyote aliyesoma sayansi shuleni anakumbuka kwamba iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu nzito, karibu nyeusi.

Ndizi ya kupika iligeuka nyeusi kama wino, kuanzia ukingo hadi katikati. Ile yenye madoadoa ilibaki na rangi ya iodini yenyewe, hudhurungi, isipokuwa vijidoa vichache. Lakini ile ya manjano yenye ncha za kijani, ambayo dada yangu alikuwa ameiita mbivu, ilipiga mabaka makubwa meusi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe hii bado ni mbichi." Ilikuwa katikati ya safari. Ukijaribu hivi nyumbani, vipande vyenye iodini vitupe, visiliwe, na chupa ikae mbali na watoto.

Si lazima uwe na iodini kila siku. Shika ndizi karibu na shingo, pale inapoungana na chane. Iliyoiva kweli shingo yake si ya kijani, inabonyea kidogo, ina harufu, na ganda limeanza madoadoa. Ukionja na ulimi ukakauka kama uliolamba chaki, tanini bado ipo na wanga pia upo. Kuwa makini zaidi na ndizi zilizolazimishwa kuiva kwa kemikali ya kabaidi. Ganda lote huwa la manjano safi linalovutia huku shingo na kikonyo vikiwa kijani, nyama ngumu, harufu hakuna. Ganda limetangulia, nyama imebaki nyuma. Mtu mwenye choo kigumu akila ndizi hizo tatu kwa siku akidhani anajilainisha, anakula wanga mgumu.

Njia ya kuepuka hilo ni kununua Kampala au ndizi za sukari zikiwa zimekomaa lakini kijani, uziivishe mwenyewe. Zifunge ndani ya mfuko wa karatasi au gunia safi pamoja na parachichi moja lililoiva, uziweke mahali pasipo na jua. Parachichi hutoa gesi ya ethilini, ileile inayotolewa na ndizi inapoiva, na baada ya siku chache zitakuwa tayari. Ngojea madoadoa yaanze.

Hatua ya 3: Kwa anayehara, ndizi mbichi iliyopikwa, lakini baada ya maji

Kwa mtoto, ndizi ilikuja ya tatu. Kwanza tuliondoa juisi ya pakiti. Sukari nyingi ndani ya utumbo unaohara huvuta maji kuelekea ndani, na kuhara huongezeka. Soda hufanya vivyo hivyo. Pili, tulichanganya ORS. Soma pakiti yako vizuri, kwa sababu ziko za kuchanganywa na lita moja na ziko za nusu lita, na ukikosea kipimo, chumvi huwa nyingi au chache kupita kiasi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa kati ya robo na nusu kikombe kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Wa miaka miwili na kuendelea hupewa nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Pamoja na ORS hutolewa zinki: mtoto aliyepita miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kidonge hulainishwa kwa maji kidogo au maziwa ya mama kwenye kijiko. Kunyonya hakukatizwi.

Ndipo ndizi ikaja. Chagua ndizi mbili za kupika zilizo kijani kabisa. Ukitaka kuzimenya zikiwa mbichi, paka mafuta mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu utakuganda na kuacha doa jeusi kwenye nguo. Mimi huona ni rahisi kuzipika na ganda: kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu mara moja, zitie kwenye maji yanayochemka, ufunike. Baada ya dakika 20 hadi 30 ganda litakuwa limefifia na kupasuka, na kisu kitapita bila kukwama. Menya zikiwa moto, ponda mara moja kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu zikipoa hukaza na kufanya mabonge. Punguza kwa maji yaliyochemshwa au maziwa ya mama hadi rojo lidondoke polepole kutoka kwenye kijiko, uongeze kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Chumvi na sukari havihitajiki.

Tulimpa vijiko vitatu vya mezani mara nne kwa siku, peke yake au ndani ya uji wa mchele, na kati ya hapo chakula chake cha kawaida: yai, ugali laini na mchuzi wa samaki uliotolewa miiba. Hili la chakula cha kawaida ni la lazima. Ndizi, wali na chai peke yake kwa siku nyingi humnyima mtoto protini na mafuta anayohitaji ili utumbo upone. Kwa mtoto wa miaka mitatu ningempa kidole kizima cha ndizi kwa mlo. Anza na kidogo siku ya kwanza, kwa sababu bakteria wanaokula wanga huo hutoa gesi, na tumbo linaweza kujaa na kunguruma.

Rojo la ndizi mbichi iliyopikwa limepimwa hospitalini. Nchini Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watoto waliokuwa wamehara kwa muda mrefu walipewa chakula cha mchele chenye ndizi mbichi iliyopikwa, wengine wakapewa mchele wenye pektini, wengine mchele mtupu. Waliopata ndizi au pektini walipona mapema kuliko wa mchele mtupu. Pektini ni kile kitu kinachofanya jamu igande, na ndizi inayo. Kupika hupunguza ule wanga mgumu, kwa sababu moto huufungua ukawa rahisi kumeng'enywa, lakini kinachobaki pamoja na pektini kinatosha kufanya kazi. Usimpe mtoto ndizi mbichi isiyopikwa ukitafuta nguvu zaidi. Ni ngumu kutafuna, na inaweza kumkwama.

Ile mbivu je? Si sumu kwa anayehara. Ina potasiamu, ambayo mwili huipoteza kwa kuhara, na mtoto anayekataa kila kitu mara nyingi huikubali. Lakini haikaushi kama mbichi, kwa hiyo isipewe kazi hiyo.

Alhamisi mtoto alienda mara nne, bado maji. Ijumaa mara tatu, na mchana ule dada yangu alinipigia simu kuniambia nepi ilikuwa na uji badala ya maji, aina ya 6. Jumapili alikuwa aina ya 5 na anarandaranda nyumba nzima. Rojo tukaliacha hapo. Ukiliendeleza kila siku baada ya choo kurudi, bila maji na mboga za kutosha, unaweza kujikuta na tatizo la upande wa pili.

Hatua ya 4: Kwa choo kigumu, rekebisha sahani nzima

Kwa kukhu kazi ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu ndizi ilikuwa na hatia ndogo kuliko tulivyodhani.

Nilipomuuliza anakunywa nini, alisema vikombe viwili vya chai kwa siku, basi. Choo cha nyumba ile kiko nje, na usiku hakupenda kutoka, kwa hiyo alikuwa amejizuia maji kabisa kuanzia saa kumi jioni. Tena alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ya kwao. Vidonge hivyo vya madini ya chuma hukaza choo kwa watu wengi na kukitia weusi. Juu ya hayo alikula matoke yaliyochemshwa yakakauka, bila mchuzi, bila mboga. Mtu akikaa hivyo siku nne, utumbo mpana hunyonya maji yote yaliyopo, na kinachobaki ni vidonge vya mbuzi.

Nasisitiza hili kwa sababu matoke hulaumiwa peke yake. Katika utafiti uliochapishwa Brazil mwaka 2019, watoto na vijana wenye choo kigumu walipewa rojo la ndizi mbichi pamoja na dawa ya kulainisha choo, na rojo hilo lilisaidia kupunguza kipimo cha dawa. Wanga uleule unaokausha choo cha maji hulisha bakteria na kuongeza ujazo wa choo pale ambapo maji yapo ya kutosha. Matoke yenye mchuzi wa maharagwe na mboga ni mlo mmoja. Matoke makavu na chai ya rangi ni mlo mwingine kabisa. Hata hivyo, mtu akiwa tayari amefunga, napunguza matoke kwa siku chache, kwa sababu hujaza tumbo na kuchukua nafasi ya vyakula vinavyolainisha haraka zaidi.

Na ndizi mbivu yenyewe isipewe sifa isiyo yake. Kidole kimoja cha kawaida kina takriban gramu 3 za nyuzinyuzi. Mtu mzima anahitaji kama gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa zaidi ya gramu 10. Kwa hiyo ndizi mbivu husaidia kidogo, si dawa ya kuharisha, na anayekula nne kwa mkupuo hupata sukari nyingi kuliko ulaini.

Tulipanga siku ya kukhu hivi. Alipoamka alikunywa glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha uji wa wimbi na ndizi moja ya Kampala yenye madoadoa. Robo saa baada ya uji alienda chooni, hata kama hakusikia haja, kwa sababu tumbo likipokea chakula asubuhi utumbo mpana huamka pia. Asubuhi hiyo isipotezwe kwa kungoja. Mchana alikula ugali mdogo, mrenda uliopikwa na kunde, na kikombe cha maharagwe. Saa kumi alikula kipande cha papai upana wa kiganja na glasi ya maji. Jioni matoke yalirudi, lakini vidole viwili tu, ndani ya mchuzi wa nyanya na vitunguu wenye mafuta, na mboga kando. Maji yaliwekwa mapema: glasi tano zimalizike kabla ya saa kumi na moja, ili usiku asilazimike kutoka. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya akubali mpango wote.

Chai ya rangi haikukatazwa. Tuliihamisha ikae mbali na vidonge vya damu kwa saa mbili, kwa kuwa majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vidonge hakuviacha. Nilimwambia arudi na karatasi yake kliniki awaulize kama kipimo kinaweza kupunguzwa au kumezwa siku moja na kupumzika siku inayofuata. Usimwachishe mzee dawa ya damu kwa ajili ya choo bila kumuuliza aliyemwandikia.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, isipokuwa gesi. Siku ya pili alipata aina ya 1, kidogo, akawa na huzuni. Nilimsihi asubiri, kwa sababu kile kigumu kilichokuwa kimekaa mbele lazima kitoke kwanza. Siku ya tatu asubuhi, baada ya uji, alipata aina ya 2 kisha ya 3 kwa mkupuo mmoja. Siku ya tano alimwambia dada yangu, "Leo sikusukuma." Kama siku ya nne ingepita bila kitu, tungeenda kuomba dawa ya kulainisha choo badala ya kuongeza ndizi. Mtu aliyeziba hapaswi kurundikiwa nyuzinyuzi juu ya kizibo.

Gonja na mkono wa tembo

Ndizi kubwa za kukaanga au kuchoma, tunazoziita gonja huku upande wa Busia, na mkono wa tembo au mzuzu kwa wengine, hazisomeki kama Kampala. Zinaweza kuwa za manjano na bado zikashikilia wanga mwingi. Hubadilika polepole, na hata zikiwa na madoadoa meusi nyama yake hubaki nzito. Usimpe mtu aliyefunga gonja ya manjano ukidhani umempa ndizi mbivu. Ya kuchoma kwenye makaa ndiyo kavu zaidi, maana moto umeondoa maji. Ikiwa ndiyo iliyopo, ichemshe kwenye mchuzi. Matoke yaliyolala hadi kesho nayo hurudisha sehemu ya wanga mgumu yanapopoa, lakini rojo la mtoto anayehara lisilazwe kwa sababu hiyo. Lipike upya kila mlo, chakula kilicholala kwenye joto la Kisumu huleta kuhara kwingine.

Nani asifuate mwongozo huu

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asijitibu kwa ndizi ya aina yoyote, iwe mbivu au ya kupika. Ni vivyo hivyo kwa anayemeza dawa za shinikizo au moyo zinazobakiza potasiamu mwilini, hadi aulize. Mwenye figo au moyo dhaifu pia asiongeze maji bila ruhusa. Mwenye kisukari ajue kwamba ndizi yenye madoadoa hupandisha sukari haraka kuliko ya kijani. Kwake maharagwe na mboga ndiyo njia bora ya kulainisha choo.

Mtoto anayehara apelekwe hospitali bila kungoja rojo lifanye kazi ikiwa choo kina damu, anatapika kila anachopewa, macho yamebonyea, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea, au ngozi ya tumbo ukiibana kati ya vidole inarudi polepole. Kuhara kunakofika siku 14 kunahitaji daktari hata kama mtoto anaonekana mchangamfu. Kwa mtu mzima, choo kufunga pamoja na tumbo kuvimba na kutapika, kushindwa hata kutoa hewa, damu, kupungua uzito, au mabadiliko mapya ya choo kwa mtu aliyepita miaka 50 yasiyoisha kwa wiki chache, hayo ni ya hospitali.

Ukienda, usiseme tu kwamba tumbo limechafuka. Sema ni siku ngapi, mara ngapi kwa siku, ni aina ya ngapi kwenye zile picha saba, mgonjwa amekunywa nini tangu jana, amemeza dawa gani, na kama alikula ndizi, ilikuwa ya kijani, ya manjano au yenye madoadoa, na iliandaliwaje.